Nilivyojifunza kumuuliza bosi anachotaka bila kumwambia hajaeleza

Naandika hii kwa yeyote ambaye ameshawahi kupokea meseji ya bosi, akajibu "sawa bosi", akaweka simu chini, halafu akabaki anajiuliza sasa hapa nafanya nini. Mimi niliijibu "sawa" ya namna hiyo mwanzoni mwa mwezi wa 12, na ilinigharimu siku tatu za kazi, wikendi nzima, na karibu miezi miwili ya kuangaliwa kwa jicho la mashaka na meneja ambaye kabla ya hapo tulikuwa tunaelewana vizuri tu.

Meseji yenyewe ilikuja Alhamisi jioni, naikumbuka neno kwa neno kwa sababu baadaye niliisoma mara nyingi mno: "Nitengenezee ripoti fupi ya wateja waliopotea robo ya mwisho, weka na sababu. Nahitaji mapema wiki ijayo."

Ukiisoma haraka inaeleweka kabisa. Mi niliisoma haraka. Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye kitengo kile, nikaona nikianza kuuliza maswali nitaonekana kazi imenizidi, kwa hiyo nikajibu nilivyojibu na kufungua kompyuta. Sasa angalia kilichotokea, kwa sababu humo ndani mna maneno manne ambayo kila moja lina njia mbili, na mimi kote nilichagua njia moja bila hata kujua kwamba nimechagua.

Kwanza "robo ya mwisho". Kwa kuwa tulikuwa Desemba nikachukua kwamba ni robo ya mwisho ya mwaka, yaani Oktoba mpaka Desemba, hata kama ilikuwa haijaisha. Yeye alimaanisha robo ya mwisho iliyokwisha fungwa, Julai hadi Septemba. Pili "waliopotea". Mfumo wetu hauna kitufe cha mteja aliyepotea, lazima wewe mwenyewe uamue amekaa siku ngapi bila kununua ndio umhesabu ameondoka. Nikaweka siku 60, nikapata wateja 412, nikashtuka kweli, nikasema hapa kuna tatizo kubwa. Baadaye tulipoweka siku 90 kwenye data zile zile walibaki 187 tu. Tofauti yote ile walikuwa ni watu ambao wananunua kila baada ya wiki kumi hivi, yaani siku 70, hawajaenda popote, ni mzunguko wao tu. Tatu "fupi", mimi nikatoa kurasa 23 nikiamini nimejibana. Nne "mapema wiki ijayo", nikaona Jumatano asubuhi bado ni mapema.

Jumatano asubuhi nikaituma. Akajibu "Asante" peke yake, bila nukta, bila neno lingine. Mchana nikasikia kwa mwenzangu kwamba kikao chake na wakurugenzi kilikuwa Jumanne. Alikuwa anataka ukurasa mmoja Jumatatu jioni. Aliingia kikaoni na takwimu za zamani, akaulizwa kuhusu wateja waliopotea, akasema bado zinaandaliwa.

Kiukweli niliumia sana, na hapo hapo pia nikakasirika. Nikawa najisemea moyoni, angesema tu Jumanne ana kikao, angeandika tu Julai mpaka Septemba, maneno matatu yangetosha. Na hasira ile ndio ilinipeleka kwenye kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza liliharibu ripoti na la pili liliharibu uhusiano.

Wiki iliyofuata kwenye kikao cha kitengo akatugawia kazi nyingine. Ilipofika zamu yangu nikasema, mbele ya watu saba, kwa sauti ya heshima kabisa: "Samahani bosi, safari iliyopita maelekezo hayakuwa wazi sana, naomba safari hii utueleze vizuri hasa unataka nini." Mi niliona nimeongea kistaarabu, nimeweka samahani, nimeweka naomba. Yeye akanyamaza kidogo, akafunga daftari lake, akasema "tutaongea baadaye", akaendelea na mtu mwingine. Hatukuongea baadaye. Kazi ile akampa jirani yangu.

Halafu nikazidi kuharibu. Kazi iliyofuata nikamwandikia baruapepe ndefu yenye maswali 11, yamepangwa kwa namba. Hukuweka tarehe ya mwisho, ni lini? Hujasema kama unataka na wateja wadogo, niwaweke? Hukufafanua muundo, ni slaidi au eksel? Nilikuwa nimejiapiza sitabahatisha tena kitu. Akakaa siku mbili, akajibu mstari mmoja: "Tumia tu uelewa wako." Siku mbili zimepita, majibu sina, na kazi sijaianza.

Aliyenisaidia ni dada mmoja wa uhasibu ambaye amefanya kazi na meneja yule yule miaka sita. Siku hiyo nilikuwa namlalamikia tu, nikamwonyesha ile baruapepe ya maswali ili akubali kwamba mimi sina kosa. Akaisoma taratibu mpaka mwisho, akaweka kidole kwenye skrini, akaanza kushuka nacho pembeni upande wa kushoto, mstari kwa mstari. "Ona maneno unayoanzia," akaniambia. "Hukuweka. Hujasema. Hukufafanua. Hujataja. Kila swali umelianza na kitu ambacho yeye hakukifanya. Hata kama mwisho wake kuna tafadhali, ameshasoma mara kumi na moja kwamba amekosea."

Jamani lile lilinifungua macho. Kwenye Kiswahili anayetenda anakaa mwanzoni kabisa mwa kitenzi, kwa hiyo mtu kabla hajafika kwenye swali ameshajua unamzungumzia nani na unasema alishindwa nini. Na ukijaribu kumficha, mfano "haikuelezwa", "haiko wazi", "maelekezo hayajitoshelezi", haisaidii, maana wote mnajua nani aliyaandika hayo maelekezo. Akanionyesha na nyingine mbili nilizokuwa nazipenda. "Naomba ufafanuzi" inasikika kama barua ya kiofisi ya kumtaka mtu ajieleze. Na "kwa hiyo unataka..." mwanzoni mwa swali inasikika kama watu wameshaanza kubishana, hata kama wewe umeiandika ukiwa umetulia kabisa.

Nikamuuliza sasa niseme sijaelewa? Akasema sijaelewa si neno baya wala si ukorofi, tatizo lake ni kwamba halimwambii bosi ni wapi hujaelewa, kwa hiyo atarudia yale yale aliyoyasema mwanzo ila kwa kuvuta maneno, na sasa wote wawili mmechoka.

Alichonishauri ni kugeuza kitenzi kianze na mimi. Badala ya hujasema ni robo ipi, sema nimechukua kwamba ni Julai mpaka Septemba. Badala ya hukuweka tarehe, sema napanga kukuletea Jumatatu saa kumi jioni. Yaani humuulizi alimaanisha nini, unamwambia wewe umeelewa nini na unakwenda kufanya nini, halafu unamwachia nafasi ya kurekebisha. Kama umeelewa sawa atasema sawa, kama umekosea atarekebisha hilo neno moja, na anayerekebishwa ni wewe. Yeye hajaambiwa kitu chochote kuhusu maelekezo yake.

Mwanzoni niliona kama ni kupamba maneno tu. Lakini nilipoanza kuifanya nikagundua inamrahisishia kazi kweli, si kumfurahisha tu. Swali la wazi kama "unataka muundo gani" linamlazimisha aache anachofanya, afikirie, aandike. Ukimwambia "naelekea kuweka ukurasa mmoja wenye jedwali moja" anajibu ndiyo au hapana hata akiwa anapanda ngazi kuelekea kikao kingine. Na mara nyingi ndio sababu maelekezo yake ni mafupi. Ametoka kwenye kikao picha nzima iko kichwani, anaona na wewe unaiona, anaandika maneno kumi na tano anaendelea na mambo mengine. Hiyo nilikuja kuielewa siku nilipomwelekeza kijana wa mafunzo kwa vitendo kazi ya nusu saa akaniletea kitu tofauti kabisa, na mimi nilikuwa na uhakika nimeeleza vizuri.

Sasa niwaonyeshe mara ya kwanza nilivyoifanya, maana mfano unasema zaidi. Mwezi wa kwanza akaniandikia: "Hebu iangalie ile orodha ya bei, iweke sawa kabla haijaenda kwa wateja wakubwa."

Nikakaa nayo kama dakika tano nikitafuta neno lenye njia mbili. "Iangalie" kwenye lugha yetu ya kazi inaweza kuwa isome tu uniambie, au irekebishe. Hapa kafuatisha "iweke sawa", basi ni kurekebisha, ila kurekebisha nini, mpangilio na makosa ya maandishi, au bei zenyewe? "Wateja wakubwa" ni wale wanaonunua kwa pesa nyingi au wale wanaoagiza mara nyingi? Na "kabla haijaenda", inaenda lini?

Kabla ya kumwandikia nikajipa dakika ishirini za kutafuta mwenyewe. Hatua hii naomba msiiruke, kwa sababu swali ambalo jibu lake liko kwenye faili linaudhi hata uliulize kwa adabu kiasi gani. Nikafungua folda ya mwaka uliopita nikakuta orodha kama hiyo ilitumwa kwa wateja 14, na hao 14 ndio wale wale wa pesa nyingi. Swali moja limekufa. Nikamuuliza jirani yangu orodha huwa inatoka lini, akasema mwisho wa mwezi. Nusu ya swali jingine imekufa. Nikabaki na la bei.

Hapo ndipo nilipojifunza kupima swali. Najiuliza, nikibahatisha hapa nikakosea itakuwaje? Mpangilio nikiukosea nitaurudia kwa saa moja, hakuna atakayeumia. Lakini nikigusa bei moja na orodha ikaenda kwa wateja 14, hiyo hairudishwi kirahisi. Kwa hiyo swali la bei lazima liulizwe leo, na hayo mengine nayataja tu kama nilivyoyaelewa. Meseji niliyotuma ni hii hapa:

"Bosi, nimeanza na orodha ya bei. Nanyoosha mpangilio na makosa ya maandishi, bei naziacha kama zilivyo, na natumia wale wateja 14 wa mwaka jana. Nitakuletea Alhamisi jioni uipitie kabla haijatoka. Kuna bei tatu nimeona zinatofautiana na za kwenye mfumo, nimeziwekea alama ya njano. Nizirekebishe au niziache?"

Alijibu baada ya dakika nne. Nilikuwa bado nimeshika simu. "Bei usiguse, hizo tatu ni za makubaliano maalumu. Mpangilio tu. Alhamisi mchana, si jioni. Mteja mmoja ameondoka, wako 13."

Angalia nilichopata kwa swali moja tu. Ningebahatisha ningezirekebisha zile bei tatu, kwa sababu kwa macho yangu zilikuwa makosa, na tungewatumia wateja watatu bei zinazovunja makubaliano yao. Dedilaini amenisogezea mwenyewe. Na yule mteja wa 14 sikuuliza kabisa, amemtaja kwa sababu niliandika namba. Tangu hapo naandika namba na siku kwa ukamilifu hata pale ninapokuwa na uhakika, maana mtu akiona namba isiyo sahihi anairekebisha bila kufikiria, ila akiona "wateja wakubwa" au "mapema" anapita tu, kila mmoja na maana yake kichwani.

Kuna kitu kingine ambacho kwangu kimekuwa msaada kuliko vyote, nacho ni kuuliza kazi inakwenda kwa nani. "Itasomwa na nani?" au "hii unaitumia kwenye kikao kipi?" Hili ni swali ambalo bosi halioni kama kasoro yake, kwa sababu linahusu msomaji, halihusu maelekezo. Na jibu lake linakuja na majibu mengine matatu ndani yake. Ile ripoti ya Desemba ningeuliza hivyo tu angesema ni ya wakurugenzi Jumanne, basi. Ningejua ni ukurasa mmoja maana wakurugenzi hawasomi kurasa 23 kwenye kikao, ningejua ni robo iliyofungwa maana wakurugenzi hawajadili robo ambayo haijaisha, ningejua mwisho ni Jumatatu. Sikuuliza kwa sababu niliogopa kuonekana mdadisi. Siku hizi naliweka kama sehemu ya kazi: "Ili nijue niweke kwa kina kiasi gani, hii inakwenda kwa nani?" Ile "ili nijue" ya mwanzo inabeba sababu, na sababu iko upande wangu.

Kuhusu muda wa kuuliza naomba niseme kwa mkazo. Swali la saa ya kwanza na swali la siku ya tatu si swali moja, hata kama maneno ni yale yale. Ukiuliza ndani ya saa ya kwanza bosi anaona umeanza kazi. Ukiuliza siku ya tatu anasikia kwamba siku tatu zimepita hujafanya kitu, na mtu akisikia hivyo anajitetea kwamba alieleza, na hapo ndipo mnaanza kutafutana nani mwenye kosa. Kama umechelewa kuuliza na imeshatokea, usiende mikono mitupu, nenda na kipande cha kazi. Mimi siku moja nilikwama hivyo, nikatengeneza mistari kumi ya kwanza ya jedwali, nikampelekea: "Nimeanza hivi, kabla sijaingiza zote 300 naomba uone kama ndio njia." Akatazama sekunde kadhaa akasema hii safu ya tatu toa, weka mkoa. Kumbe kuna vitu mtu hawezi kukuelezea kwa maneno hata umuulize vipi, mpaka akione ndio anajua anachotaka. Kwa hiyo kipande cha kwanza kikiwa kidogo na kikifika mapema, chenyewe ndio swali. Ila usifanye hivyo kila hatua. Mimi nilizidisha kwa muda, nikawa natuma kipande kila baada ya saa mbili, mpaka akaniambia "endelea tu, utaniletea ikiisha", nikaelewa.

Na usiulize mbele za watu. Hili sina maelezo marefu. Hata swali zuri likiulizwa kwenye kikao, wengine saba wanageuka kumwangalia yeye, si wewe. Kama kweli wote mmechanganyikiwa na kikao kinaendelea, mimi siku hizi nasema "nirudie nilivyoelewa nisije nikawapotosha wenzangu", narudia kwa kifupi, na yeye anarekebisha kama kuna kitu. Kama si cha haraka nasubiri kikao kiishe namfuata.

Maelekezo ya mdomo ndio yana hatari zaidi, hasa yale ya kwenye korido. Hapo nasikiliza, naitikia, halafu nikifika mezani naandika mistari miwili mitatu: "Bosi, kutokana na tulivyoongea sasa hivi, naandaa hiki na hiki, mpaka siku fulani." Ameshanirekebisha mara nyingi kupitia hiyo meseji. Lakini kuna namna ya kuitumia vibaya na mimi nimeitumia, kwa hiyo nisikufiche. Kuna siku alibadilisha mawazo katikati ya kazi, nikamtumia meseji yake ya zamani na kuandika "kama ulivyoandika hapa". Nilikuwa sahihi, maneno yalikuwa yake. Akajibu "sawa" na kwa wiki mbili akawa ananipigia simu badala ya kuandika, hataki kuniachia maandishi. Ile kumbukumbu niliyoijenga ili tuelewane niliigeuza ushahidi wa kumshtaki. Siku hizi akibadilisha nasema "sawa, basi nabadilisha ile ya mwanzo iwe hivi, itaongeza siku moja, ni sawa?" Anajua kabisa kuna ya mwanzo, huna haja ya kumkumbusha nani aliisema.

Halafu kuna ile "fanya unavyoona". Zamani ilikuwa inanikatisha tamaa. Sasa naichukua kama ilivyo, kwamba huenda kweli ameniachia, au na yeye hajaamua. Namna ya kujua ni kumpelekea njia mbili na gharama ya kila moja. Nilishamwandikia: "Naweza kutumia data za mfumo tu, itaisha kesho ila sababu za wateja kuondoka hazitakuwemo. Au nipige simu kwa wateja 20, itaisha Jumanne na sababu tutakuwa nazo. Mimi naelekea kwenye ya pili." Kama ameniachia kweli atasema endelea. Kama alikuwa hajaamua, hapo anaamua, na anaona ameamua yeye, hakubanwa na mtu. Asipojibu kabisa naongeza mstari: "Nitaanza na ya pili kesho asubuhi, ukiona tofauti nistue." Na hii naitumia tu kwa vitu vinavyorekebishika. Kama ni kitu kinachotoka nje kwenda kwa mteja, au kinachohusu pesa, kimya chake sikihesabu kama ruhusa, nainuka namfuata mezani.

Si kila bosi atalainika kwa haya, niseme ukweli. Nina rafiki yangu ofisi nyingine ambaye kwa meneja wake swali lolote, hata liandikwe vipi, ni dharau. Kwa mtu wa hivyo nadhani kipande kidogo cha kazi ndio njia pekee iliyobaki, maana unamletea kazi, hakuna alama ya kuuliza popote. Wangu hakuwa wa aina hiyo. Nilimuumiza mbele ya watu akajilinda, basi.

Na lile la kikaoni nililimaliza mwenyewe mwezi wa pili. Nilimfuata jioni nikamwambia, bosi, ile siku niliongea vibaya mbele ya wenzangu, ripoti nilikosea mimi kwa kutouliza mapema. Akasema "na mimi ningekuambia kikao ni Jumanne." Sikuongeza neno, nikashukuru nikatoka.

Mwezi wa tatu ikaja tena meseji, karibu maneno yale yale: "Ripoti fupi ya wateja waliopotea robo ya mwisho, kama ile ya safari ile." Nikaisoma nimesimama, nikakaa. Nikafungua faili ya zamani, nikaangalia tarehe ya kikao cha wakurugenzi kwenye kalenda ya ofisi, nikaandika ndani ya robo saa:

"Bosi, naianza leo. Nimechukua Oktoba hadi Desemba, mteja aliyepotea ni aliyekaa siku 90 bila kununua, ukurasa mmoja, na sababu tatu kubwa. Naona kikao ni Alhamisi, nitakuletea Jumanne saa nne asubuhi ili upate muda wa kuipitia. Wale wanaonunua kila wiki kumi nawaacha nje."

Akajibu kabla ya chakula cha mchana: "Vizuri. Ila wale wa wiki kumi waweke mstari wao peke yao chini, waliniuliza safari ile nikakosa jibu." Kisha ikaja ya pili: "Na hiyo ya siku 90 iandike juu kabisa ya ripoti, iwe hivyo kila robo."

Nikaiandika juu kabisa, chini ya kichwa cha ripoti. Jumanne saa tatu na nusu nilikuwa nimeshaituma.